Kutoa na Kukausha Mbegu za Nyanya: Uchachushe kwa Maji, kwa Juisi Yake, au Uoshe Tu?

Mkulima aliyeamua kujitengea mbegu za nyanya kwa ajili ya msimu ujao hukutana mapema na mashauri yanayopingana. Mmoja humwambia akamulie mbegu kwenye kopo, aongeze maji, kisha aziache siku tatu zichache. Mwingine humwonya kwamba maji yatazifanya zichipue humo humo, na kwamba juisi ya nyanya yenyewe inatosha. Wa tatu husema hayo yote ni kujisumbua, kwa kuwa wazee walisugua mbegu kwa majivu, wakazianika, na mvua ziliponyesha zikaota. Kila mmoja anasema aliyoyaona, ila mmoja ameyaona Lushoto kwenye baridi, mwingine Tanga kwenye joto, na wa tatu hakuwahi kupanda nyanya mahali penye ugonjwa unaosafiri na mbegu. Hapa njia hizo tatu zinawekwa chini ya vigezo vilevile, kisha zinafuata namna za kukausha, kwa sababu mbegu nyingi za nyumbani hufia kwenye kukaushwa hata kama zilisafishwa vizuri.

Jambo moja litangulie. Ulinganisho huu unahusu nyanya zisizo chotara, kama vile Tanya, Tengeru 97, Cal J, Rio Grande na Money Maker, ambazo mtoto hufanana na mzazi. Tunda la chotara, yaani lile ambalo jina la mbegu yake huishia na F1, kama Anna F1 au Assila F1, lina mbegu zinazoota bila tatizo, lakini miche yake hutofautiana: mmoja hurefuka, mwingine hudumaa, mwingine huzaa matunda madogo, na ukinzani wa magonjwa ulioulipia dukani hutawanyika. Kwa tunda la namna hiyo, hakuna njia ya kusafisha mbegu itakayorudisha kile kilichopotea.

## Vigezo vinne

Mbegu ya nyanya imezungukwa na ute unaong'aa, na ute huo una kazi yake. Ndani yake mna kemikali zinazoizuia mbegu kuota ikiwa bado imo kwenye tunda lenye unyevu na joto. Tukikausha mbegu pamoja na ute wake, tunaikausha na kizuizi chake: itaota kwa kuchelewa na bila usawa, na ule ute uliokauka juu yake utakuwa maskani ya ukungu na bakteria. Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni iwapo njia inauondoa ute wote.

Kigezo cha pili kinatokana na hicho cha kwanza, nacho ndicho watu wengi hukisahau. Ute ukishaondoka na mbegu ikabaki majini, hakuna tena kinachoizuia kuota. Kazi ileile inayoisafisha ndiyo inayoifungulia mlango, na kuanzia hapo kila saa inayopita ndani ya maji inaisogeza karibu na kuchipua. Basi twapaswa kuuliza kila njia inaacha nafasi kubwa kiasi gani ya kukosea.

Kigezo cha tatu ni magonjwa. Bakteria wanaokausha mche upande mmoja na kuacha madoa meupe yenye kiini cha kahawia kwenye tunda, mfano wa jicho la ndege, husafiri juu ya mbegu. Virusi vya batobato navyo hushika kwenye ganda lake. Kigezo cha nne ni kazi yenyewe: muda, vifaa, maji yanayotumika, na harufu, maana si kila mtu ana uwanja wa nyuma wa kuficha ndoo inayonuka.

## Kuchachusha katika maji

Nyanya zilizoiva kabisa, ambazo zimekwisha kulainika kidogo lakini hazijaoza, hukatwa kwa upana ili vyumba vya mbegu vifunguke vyote, kisha mbegu na rojo lake hukamuliwa kwenye ndoo ya plastiki au chombo cha kioo. Chombo cha bati au alumini kisitumike, kwa sababu asidi ya nyanya hukila. Maji safi huongezwa, na hapa ndipo tofauti kati ya kufaulu na kuharibu inapoanzia: kiasi kizuri ni nusu ya ujazo wa rojo, na kisizidi ujazo ule ule. Anayejaza ndoo maji kana kwamba anaroweka maharage amepunguza makali ya uchachu mpaka yanachelewa kuula ute, na wakati huohuo amezimua zile kemikali zinazozuia kuota. Matokeo yake mbegu huchipua kabla hazijasafika.

Kuhusu ute, njia hii huuondoa wote endapo maji ni ya kiasi na joto ni la wastani. Faida yake huonekana zaidi kwa nyanya zenye nyama nyingi na juisi kidogo, kama Tanya, Cal J na Roma. Rojo la nyanya hizo ni zito, mbegu hubaki zimenaswa kwenye nyuzi za nyama, na bila maji sehemu ya juu hukauka na kuota ukungu ilhali ya chini haijachacha. Maji hulegeza mchanganyiko wote, mbegu nzito huzama, na zile tupu huelea pamoja na maganda, hivyo uchambuzi huanza wenyewe.

Kuhusu nafasi ya kukosea, njia hii ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa. Penye joto la nyuzi 24 hadi 27, siku mbili mara nyingi zinatosha. Katika joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, ambapo chumba hufika nyuzi 30 na zaidi, ni lazima uanze kukagua baada ya saa 18, na kuziacha zaidi ya siku moja na nusu ni kucheza na bahati. Arusha au Lushoto mwezi Julai, ambapo usiku huteremka chini ya nyuzi 15, mchanganyiko wenye maji unaweza kuchukua siku nne au tano, na ucheleweshaji huo ndio unaozipa mbegu za juu muda wa kuamka. Kwa hiyo ule ushauri wa "siku tatu" unaorudiwa kila mahali ni sahihi mahali fulani tu.

Kipimo cha kuaminika kimo kwenye vidole. Chukua mbegu chache, zisuuze kwa maji safi, na uzisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Zikiteleza, ute bado upo. Zikikwaruza kama msasa laini, zimekwisha, maana ganda la mbegu ya nyanya lina vinyweleo vifupi ambavyo havihisiki mpaka ute uondoke. Kwa macho, ziangalie ndani ya glasi ya maji dhidi ya mwanga: mbegu isiyo tayari ina duara angavu kuizunguka. Ukiona ncha nyeupe ya kizizi imetokeza hata kwenye mbegu mbili tatu, usisubiri jambo lolote lingine. Osha papo hapo, kwa kuwa zilizochipua zitakufa zikikaushwa na zinazofuata ziko nyuma kidogo tu.

Kuhusu magonjwa, uchachu hupunguza sana bakteria walioshika juu ya mbegu, ila hauwamalizi, na kwa virusi vya batobato hauna nguvu ya kutegemewa. Maji mengi hudhoofisha faida hiyo, kwa kuwa asidi inapungua. Kuhusu kazi, inadai kukoroga asubuhi na jioni ili utando wa juu usifanye ukungu mzito, na inadai maji ya kutosha ya kusuuzia. Harufu ipo, lakini ni hafifu kuliko ya njia inayofuata, na inzi wa matunda wanazuilika kwa kufunika ndoo kwa kitambaa chepesi.

Njia hii inamfaa mwenye nyanya za nyama nyingi, anayeshughulikia kilo kadhaa kwa mpigo, na ambaye yupo nyumbani kukagua.

### Mfano wa kilo nne

Tuchukue kilo nne za Tanya, zilizochumwa Arusha mwezi Februari kutoka kwenye mashina kumi hivi yenye afya, si kutoka shina moja lililopendeza. Baada ya kukamua na kutupa maganda, hupatikana kama lita moja ya rojo zito lenye mbegu. Linaongezwa nusu lita ya maji kwenye ndoo ya lita tano, linafunikwa kwa kitambaa na kuwekwa jikoni mbali na jua. Jioni ya siku ya kwanza hakuna cha kuona. Siku ya pili asubuhi mapovu huanza kupanda pembeni, na jioni yake utando mweupe hutanda juu. Utando huo ni wa hamira na kuvu, ni dalili njema, nao hukorogwa uingie ndani. Asubuhi ya siku ya tatu mbegu hujaribiwa kwa vidole. Nyingi zikikwaruza na chache zikiteleza, kazi imefika, kwa kuwa hizo chache zitamalizika kwenye kusuuza.

Huongezwa maji mara mbili ya mchanganyiko, hukorogwa kwa nguvu, na kuachwa dakika moja hivi. Mbegu nzuri huzama. Nyama, ukungu na mbegu tupu huelea na kumwagwa taratibu kwa kuinamisha ndoo. Hurudiwa hivyo mara nne au tano mpaka maji yawe maangavu, kisha mbegu humiminwa kwenye chujio la chai, na chini ya chujio hukandamizwa kitambaa kikavu ili kinyonye maji. Usuuzaji wote usizidi robo saa. Kilo moja ya nyanya hutoa takriban gramu mbili hadi nne za mbegu kavu, na nyanya za nyama nyingi huwa upande wa chini. Tuseme kilo nne zimetoa gramu kumi. Gramu moja ina mbegu kama 300, kwa hiyo hapo pana mbegu 3,000, zinazotosha robo eka na kubakiza akiba ya kurudishia mapengo.

## Kuchachusha katika juisi yake

Hatua ni zilezile, ila maji hayaongezwi kabisa mpaka wakati wa kuosha. Rojo hupondwa kidogo kwa mkono na kuachwa lichache lenyewe.

Ute huondoka haraka zaidi, kwa sababu asidi na vijidudu vya uchachu viko vingi mahali padogo. Money Maker na nyanya nyingine zenye vyumba vikubwa vya juisi hufanya kazi hii vizuri bila msaada wowote. Kwa nyanya kavu, kama ilivyosemwa, rojo huwa zito na uchachu hauenei. Anayeng'ang'ania kutoongeza maji hata kidogo itambidi akoroge mara tatu au nne kwa siku.

Nafasi ya kukosea hapa ni pana kidogo, kwa kuwa kizuizi cha kuota kinabaki na nguvu yake kwa muda mrefu, na mbegu huchipua kwa shida zaidi zikiwa kwenye juisi nzito. Lakini penye joto kali hatari huhamia upande mwingine: uchachu ukizidi, mbegu hugeuka rangi kutoka ile ya kahawia iliyopauka kuwa kijivu au nyeusi, na uwezo wake wa kuota hushuka. Mbegu iliyogeuka hivyo haifai kukusanywa kwa matumaini. Ukaguzi wa saa 18 unaohitajika pwani unahusu njia hii pia.

Kwa magonjwa yanayoletwa na bakteria, hii ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya tatu, mradi iachwe muda wake kamili. Kwa batobato hali ni ileile. Kuhusu kazi, inahitaji chombo kidogo na maji kidogo, lakini harufu yake ni kali kweli, na mwenye kuishi nyumba ya kupanga yenye ukuta mmoja na jirani ajue hilo kabla hajaanza.

Inamfaa mwenye nyanya za juisi nyingi, aliye mahali pa baridi ambako maji yangechelewesha mambo, au ambaye shamba lake liliwahi kuonyesha dalili za bakteria msimu uliopita na sasa anachuma kwenye mashina yasiyo na dalili.

## Kusugua na kuosha bila kuchachusha

Mbegu hukamuliwa kwenye chekecheke la matundu madogo, husuguliwa kwa mchanga laini uliooshwa au kwa majivu yaliyochekechwa, kisha huoshwa kwa maji yanayotiririka. Kazi yote huisha ndani ya nusu saa.

Ute huondoka kwa sehemu. Anayesugua kwa subira atafikia mkwaruzo ule wa vidole kwa mbegu nyingi, ila chache zitabaki na utando mwembamba, na hizo zitachelewa kuota kwa siku kadhaa nyuma ya wenzake. Kwa kitalu cha miche hamsini hilo si neno. Kwa mkulima anayetaka miche yote ihamishwe siku moja ni kero. Wapo pia wanaoruka hata kusugua na kupaka mbegu na ute wake kwenye karatasi, kisha wakapanda karatasi yenyewe. Zinaota, na kwa mwenye kutaka mashina sita ya bustani sioni sababu ya kumkataza.

Kwa upande wa kuchipua, njia hii haina mpinzani, maana mbegu haikai majini. Anayesafiri kesho, au aliyepata tunda moja zuri la aina adimu jioni ya leo, hapotezi kitu. Kwa upande wa magonjwa ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa hakuna asidi wala ushindani wa vijidudu: bakteria waliokuwapo huoshwa kwa sehemu, na waliosalia hukaushwa pamoja na mbegu. Majivu yasiachwe juu ya mbegu kwa kudhani yanaua kila kitu, yaoshwe yote.

Mtu anaweza kuiongezea nguvu kwa kuziloweka mbegu kavu katika maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25 kabla ya kupanda, akitanguliza dakika kumi katika maji ya nyuzi 37 ili zisishtuke. Tiba hiyo husaidia dhidi ya bakteria walioingia ndani ya ganda, na inaweza kufuata njia yoyote kati ya hizi. Lakini inataka kipimajoto cha kweli. Nyuzi mbili tatu juu zinaua mbegu, nyuzi chache chini hazifanyi kazi, na kukadiria kwa kuchovya kidole hakufai. Mbegu kuukuu, ambazo uhai wake umekwisha kupungua, nazo zisiingizwe humo.

## Kukausha: hatua ya kwanza

Baada ya kuoshwa mbegu zina maji mengi na hazina kizuizi chochote, kwa hiyo siku ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko zote. Zinatakiwa zikauke nje ndani ya siku hiyo, lakini bila joto la kupita nyuzi 35 zikiwa bado mbichi. Bati jeusi saa saba mchana hupita kiwango hicho kwa mbali. Kivuli chenye upepo ndicho kinachofaa, na mtu akishindwa kupata upepo, feni ya mezani ya kasi ndogo inafanya kazi hiyo vizuri. Kwa sababu hiyohiyo kazi ya kuosha ifanywe asubuhi, isifanywe jioni, ili mbegu zisilale usiku mzima zikiwa zimelowa.

Sehemu ya kuanikia inaweza kuchaguliwa kati ya tatu, na vigezo vyake ni jinsi hewa inavyopita, jinsi mbegu zinavyoshikana, na wingi wa mbegu.

Chandarua kilichovutwa kwenye fremu ya mbao ndicho kinachokausha haraka, kwa kuwa hewa hupita juu na chini. Mbegu hazing'ang'anii sana, na kikubwa hubeba gramu mia bila kubanana. Kasoro yake ni kutengeneza fremu, na kuku. Anayeanika gramu chache hawezi kuona faida ya usumbufu huo.

Sahani ya udongo au ya plastiki ipo kila nyumba na mbegu hubanduka kwa ukucha. Lakini hewa haipiti chini, hivyo mbegu za chini hubaki na maji na hushikana mabonge; zipasuliwe kwa vidole kila baada ya saa mbili tatu siku ya kwanza, na zisiwe tabaka mbili. Kwa gramu tano hadi kumi, sahani mbili zinatosha.

Karatasi hunyonya maji vizuri mwanzoni, lakini vile vinyweleo vya mbegu hujishika kwenye nyuzi zake, na anayezibandua siku ya tatu hubandua na vipande vya karatasi. Karatasi nyororo ya kuokea au karatasi ya chujio la kahawa haisumbui hivyo. Gazeti na karatasi ya chooni viachiwe mwenye nia ya kupanda mbegu na karatasi yake.

Kwa namna yoyote kati ya hizo, mbegu zitakuwa zimekauka kwa kuzitazama baada ya siku tatu hadi tano: hazishikani, zinachakacha zikimiminwa, na zina rangi ya kahawia iliyopauka yenye vinyweleo vya fedha. Wengi hufunga kopo hapo. Bado.

## Kukausha: hatua ya pili, ambayo hewa ya pwani haiwezi

Mbegu hubadilishana unyevu na hewa inayoizunguka mpaka zilingane. Katika hewa kavu ya Dodoma mwezi Septemba, mbegu ya nyanya iliyoanikwa kivulini inaweza kushuka karibu na asilimia nane ya unyevu, kiwango kinachotosha kuifunga. Katika hewa ya Zanzibar au Mombasa, ambako unyevunyevu hukaa karibu asilimia 75 au zaidi, mbegu hukwama karibu asilimia 11 hata ikianikwa mwezi mzima. Kanuni ya zamani ya watunza mbegu husema kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopungua, uhai wa mbegu huongezeka takriban maradufu, kwa hiyo tofauti ya asilimia tatu si ndogo hata kidogo. Ndiyo sababu mbegu zilezile, zilizooshwa na mikono ileile, huota vizuri baada ya miaka minne Arusha na kufa kabla ya mwaka wa pili Tanga.

Mwenye hewa kavu anaweza kuacha hapo. Mwenye hewa nzito ana chaguo mbili za maana. Ya kwanza ni mchele. Hukaangwa bila mafuta kwenye sufuria pana kwa moto mdogo, ukigeuzwa muda wote, kwa dakika 45 hivi mpaka uwe mkavu kabisa na uanze kugeuka rangi. Humiminwa ungali moto kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko kinachoziba, hufungwa, na kuachwa upoe mpaka chini kabisa. Kisha mbegu zilizo kwenye mfuko wa kitambaa huwekwa ndani, uzito wa mchele ukiwa angalau mara mbili ya mbegu, na mtungi hufungwa kwa wiki mbili. Mchele usiokaangwa una unyevu wake na hausaidii chochote, ingawa ndio unaoonekana kwenye makopo ya watu wengi.

Ya pili ni zile chembe za kunyonya unyevu, silika, zinazouzwa kwa kilo. Uzito wake ulingane na wa mbegu, na wiki moja yatosha. Aina inayobadilika rangi ina faida ya kumwonyesha mtu iwapo imekwisha kushiba, na hukaushwa tena kwa moto mdogo na kurudiwa. Vile vijipakiti vinavyotoka kwenye masanduku ya viatu mara nyingi vimekwisha kushiba siku nyingi, hivyo vikaushwe kwanza.

Njia yoyote ikishakamilika, mbegu hutolewa na kufungwa kwenye chupa ndogo isiyopitisha hewa, iliyoandikwa aina, mahali na mwezi, na kuwekwa penye giza na ubaridi. Friji ni nzuri kwa mbegu iliyokauka vizuri ikiwa chupa imeziba. Chupa inapotolewa, isifunguliwe kabla haijapata joto la chumba, la sivyo umande hutua juu ya mbegu.

## Kwa kila hali

Uliye pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja au Mombasa, na una nyanya za nyama nyingi: ongeza maji kidogo, nusu ya rojo, anza usiku ili saa 18 za kukagua ziangukie mchana, na usiingie kazini kabla hujapata mchele au silika. Ukikosa vyote viwili, toa mbegu za msimu mmoja tu na uzipande mapema.

Uliye nyanda za juu zenye baridi: tumia juisi yenyewe, weka chombo karibu na jiko bila kukipasha moto, na ukikuta rojo limekauka juu, ongeza vijiko vichache vya maji. Kukausha kwako ni kwepesi wakati wa kiangazi. Msimu wa ukungu na manyunyu, jihesabu kuwa mtu wa pwani.

Mwenye tunda moja au mawili, au asiye na siku ya kukagua: sugua, osha, anika kwenye sahani. Panda mbegu nyingi kidogo kuliko unazohitaji ili zile zitakazochelewa zisikuathiri.

Anayetaka miche ya robo eka au zaidi iote kwa pamoja: chachusha, kwa maji au bila maji kulingana na aina ya nyanya, na mwezi mmoja kabla ya kusia pima mbegu hamsini kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, mahali penye joto. Hesabu zilizoota siku ya saba na siku ya kumi na nne. Zikiota arobaini na zaidi, sia kwa kipimo cha kawaida. Zikiota thelathini, ongeza kwa zaidi ya nusu. Zikishuka chini ya ishirini na tano, ni heri kununua.

Ambaye shamba lake lilikuwa na majani ya mabakamabaka ya batobato, au mashina yaliyokauka upande mmoja: usitoe mbegu kwenye mashina hayo kwa njia yoyote kati ya hizi tatu, hata kama tunda ni zuri. Kama mashina yote yameathirika, nunua mbegu safi msimu huu, na utoe zako mwenyewe kutoka kwenye zao hilo jipya likiwa na afya.